Cheo cha bibi anayesimamisha hadithi ili aongeze kuni

*Mwalimu, shikamoo. Kijijini kwetu huku Makete tuna bibi wa miaka 78 anayejua hadithi kuliko mtu yeyote, na anachekesha mpaka watu wanashika mbavu. Akifika mahali patamu husimama akasema, "Ngojeni niongeze kuni," hata kama moto unawaka vizuri. Akimaliza husema, "Kama nimedanganya, nidaini." Kamati ya usiku wa hadithi inataka kumpa cheo cha kuandikwa kwenye bango na kutajwa na mshereheshaji. Wengine wanasema Profesa wa Hadithi, wengine Msimulizi Mkuu wa Kijiji, vijana wanataka Bibi Vichekesho. Sisi tunataka kitu chenye ufundi wake, umri wake na ucheshi wake. Tumwiteje?*

Marahaba. Mwiteni Bibi Ongeza Kuni. Kwenye bango, chini ya maneno hayo na kwa herufi ndogo, andikeni jina lake kamili, kisha "mtambaji wa hadithi". Huo ndio ushauri wangu. Kwa kuwa kamati yenu ina pande tatu na kila upande utataka kushawishiwa, nitaeleza nilivyofika hapo.

Kamati nyingi huanza kutafuta cheo kwa kurundika sifa. Umri unataka neno lake, ufundi lake, ucheshi lake, na mwisho mnapata mkia mrefu kama "Mzee Mkongwe Gwiji Mcheshi wa Simulizi", ambao mshereheshaji atausoma kwenye karatasi na hakuna mtoto atakayeukumbuka kesho yake. Cheo cha kutajwa hadharani hubeba maneno mawili, matatu yakizidi. Kwa hiyo swali ni neno lipi linaweza kubeba kazi mbili kwa wakati mmoja. Hapa yapo mawili ya namna hiyo, na yote mawili mlikuwa nayo tayari.

La kwanza ni "Bibi". Kamati hulichukulia kama pambo la heshima tu, lakini ndilo linaloruhusu kicheko. Mnajua wenyewe utani ulivyogawanywa nyumbani. Mtoto hamtanii mama yake, na mkwe ndiyo kabisa. Mjukuu na bibi yake, hata hivyo, wana ruhusa ya tangu zamani, huku Nyanda za Juu Kusini na karibu kila mahali Tanzania. Bibi humwita mjukuu wa kiume "mume wangu" na kumdai sukari, na mjukuu humjibu kwamba ataoa mwingine asiye na mapengo. Hakuna anayeona hapo utovu wa adabu. Basi mtu akitangazwa kuwa Bibi mbele ya ukumbi, ukumbi mzima umegeuzwa kuwa wajukuu, na wajukuu wana haki ya kucheka naye. Mkimwita "Mama" mtaifunga njia hiyo, kwa sababu Mama ni mtu wa kunyamaziwa na kusikilizwa. "Mzee" kwa desturi yetu humwangukia mwanamume kwanza, hata kama Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamhesabu mzee kuwa mtu yeyote mwenye miaka 60 na kuendelea. Pwani wangemwita "Bi", nalo ni zuri, lakini kwa watu wa milimani lina harufu ya bahari.

Msiandike miaka yake kwenye cheo. Nimeona bango lililomtaja mzee kwa idadi ya miaka yake, na mwaka uliofuata likachorwa upya kwa rangi juu ya rangi. "Bibi" linatosha, na halichakai.

La pili ni "Ongeza Kuni", na hapa ndipo penye kazi kubwa.

Angalieni majina ya hadharani yaliyodumu nchini. Rais wa awamu ya pili, Ali Hassan Mwinyi, aliyeongoza kuanzia 1985 hadi 1995, alijulikana na kila mtu kama Mzee Ruksa. Umri na heshima vimo katika "Mzee". "Ruksa" ni neno lililokaa kinywani mwake kipindi milango ya biashara ilipofunguliwa, watu wakalichukua wakamrudishia, na humo mna kicheko kidogo, kicheko cha mtu anayekujua. Zanzibar walikuwa na Bi Kidude, yaani Fatuma binti Baraka. "Bi" inampa ukubwa, halafu "Kidude" inamrudisha chini kwa upole. Waigizaji wetu wa vichekesho nao, Mzee Small na King Majuto, hawakujiita kwa kicheko. Jina la huyo wa pili lina neno la huzuni kabisa, majuto, lililowekwa karibu na ufalme, na mgongano wa maneno hayo ukafanya kazi yote.

Kuna jambo jingine linalowaunganisha hao wanne. Wote wametangulia mbele za haki, na wote walililiwa kwa majina hayohayo. Mwinyi alipofariki tarehe 29 Februari 2024, watu walisema "Mzee Ruksa ametutoka" bila mtu yeyote kuona aibu. Huo ndio mtihani mkali kuliko yote kwa cheo chenye ucheshi: je, kinatamkika msibani? Samahani kuuleta msiba kwenye swali la furaha, lakini mtu wa miaka 78 mnampa jina ambalo atakwenda nalo, na litasomwa kwenye wasifu wake mbele ya mchungaji. Tamkeni sasa hivi, kwa sauti ya chini: "Bibi Ongeza Kuni ametutoka." Linapita. Halafu jaribuni "Bibi Vichekesho ametutoka", mwone midomo inavyosita.

Mtihani huohuo ndio unaoangusha msemo wake wa pili, "nidaini". Nakiri kwamba kwa sikio ni mtamu kuliko wa kuni. Bibi Nidaini! Ni mfupi, una ujeuri, na una ufundi pia, maana mtambaji anayewaambia watu wamdai kama amedanganya anajua vizuri kwamba kila mtu anajua amedanganya. Lakini fikirini safari ya jina hilo nje ya ukumbi. Vijiji vingi sasa vina vikoba, na siku ya marejesho jina kama hilo halichekeshi. Mgeni akilisikia atadhani mama wa watu ana madeni. Kisha pale makaburini, msemaji wa familia husimama na kutangaza kwamba anayemdai marehemu ajitokeze kwa ndugu. Mnaliona tatizo. Mwacheni aendelee kulisema mwenyewe mwisho wa hadithi, huko liko mahali pake. Lisiwe cheo.

"Ongeza Kuni" lina sifa ambayo hata Mzee Ruksa hana: kicheko chake na ufundi wake ni kitu kimoja. Nadhani mmeshamwona akifanya hivyo mara nyingi kiasi cha kutoshangaa tena, kwa hiyo niruhusuni nieleze kinachotokea. Tuseme sungura amejificha ndani ya kibuyu na fisi anakaribia kukifungua. Watoto wamenyamaza. Hapo hasa bibi anasimama, anainama kwenye figa, anasogeza kijinga kisichohitaji kusogezwa, anapuliza makaa. Hadithi inaning'inia. Watoto wanapiga kelele, wakubwa wanacheka kwa sababu wanaujua mchezo, naye anapata mambo matatu kwa mpigo: pumzi, nafasi ya kukumbuka kinachofuata, na macho ya watu wote. Watambaji wote wazuri wana mahali pa kusimamisha hadithi. Wengine huingiza wimbo, wengine huuliza swali, wengine hujifanya wamesahau. Wake ni kuni. Kwa hiyo cheo hiki kinataja mbinu yake hasa, na kinaitaja kwa maneno yake mwenyewe, ambayo ni ya kuchekesha bila kumcheka.

Tofauti hiyo ya mwisho ndiyo iliyonifanya niyakatae mapendekezo ya wengine. "Profesa wa Hadithi" ni sifa iliyotoka kwa moyo mweupe, na nchi hii ina historia ya maprofesa wa mitaani: kuna Profesa Jay kwenye muziki, alikuwepo Profesa Maji Marefu aliyefika mpaka bungeni. Hao walijiita wenyewe, nao ni wanaume waliokuwa na ubavu wa kuubeba mzaha. Bibi aliyezaliwa mwishoni mwa miaka ya 1940 huko milimani huenda darasa aliliona kidogo sana au hakuliona. Ukimwita Profesa, kicheko kinakaa juu ya kile asichokuwa nacho. Hata asipolalamika, mgeni rasmi akisimama baada yake akiwa na shahada yake halisi, kitu fulani hukaa vibaya ukumbini.

"Msimulizi Mkuu wa Kijiji" lina shida nyingine. Ni la ofisi. Lina mkuu wa wilaya na mkuu wa shule ndani yake, na likishatundikwa, watu watauliza msaidizi wake ni nani na muda wake unaisha lini. Tena linawafanya watambaji wengine wa kijiji, ambao bila shaka wapo, kuwa wadogo zake bila kuulizwa. Kwa sababu hiyohiyo kaeni mbali na vyeo vya ukoo. Najua tangu zamani huku tuna maneno makubwa, Mtwa kwa Wahehe, Malafyale kwa Wanyakyusa, na huenda mjumbe mmoja wa kamati atataka kulitumia neno la namna hiyo kwa mzaha. Utawala wa machifu uliondolewa kisheria mwaka 1963, lakini koo zenyewe hazikufutwa na sheria, na wenye cheo chao hawapendi kukiona kinavalishwa mtu jukwaani ili watu wacheke.

Nao vijana na "Bibi Vichekesho" yao? Kosa lake ni kwamba linatoa ahadi. Nilishuhudia wilayani Rungwe mzee mmoja aliyetangazwa kuwa "mfalme wa kuchekesha". Usiku ule alikuwa amechagua hadithi ya mtoto yatima na mama wa kambo, hadithi nzito, na aliisimulia vizuri ajabu. Ukumbi ulicheka tangu mstari wa kwanza. Walikuwa wameambiwa wacheke, wakatii. Alipofika mahali mtoto analala njaa bado kulikuwa na watu wanaoguna kwa furaha, naye akaikatisha hadithi katikati na kuingiza ya sungura. Bibi yenu bila shaka ana hadithi za kuliza watu pia. Cheo kisimnyang'anye hizo. "Ongeza Kuni" hakisemi lolote kuhusu kucheka. Moto unahitajika kwa hadithi ya furaha na ya majonzi.

Sasa kuna pingamizi moja ambalo mtambaji yeyote makini angelileta, na mimi mwenyewe nililitafakari kabla sijawaandikia. Mbinu ikishageuzwa jina, je, haifi? Watu wakijua kabla ya kukaa kwamba huyu atasimama kuongeza kuni, ile ghafla imekwisha. Kwa hadhira ya wageni, usiku wa kwanza, kuna ukweli hapo. Lakini msemo wa mtambaji hauishi kwa ghafla, unaishi kwa kungojewa. "Paukwa" kila mtu anajua kwamba itajibiwa "pakawa", na hakuna aliyewahi kuichoka kwa sababu hiyo. Hadhira inayongojea "ngojeni niongeze kuni" inaanza kubahatisha atalisema wapi, na hapo bibi amepata silaha mpya. Anaweza kuwainua wakadhani ndiyo sasa, halafu akapita. Anaweza kulisema mahali pasipo na utamu wowote, watu wakacheka kwa kushtukizwa. Mkiona watoto wameanza kumtangulia, wanapiga kelele "ongeza kuni!" kabla yake, msiwanyamazishe. Mwacheni yeye mwenyewe awaambie kuni zimekwisha.

Anayepaswa kuzuiwa ni mshereheshaji. Huyu asilitumie neno hilo kwa mambo yake. Washereheshaji wetu wakipata kitu kinachochekesha hukisukuma mpaka kinakufa: "Haya, ongezeni kuni kwenye makofi! Ongezeni kuni kwenye mchango!" Mpaka bibi afike kwenye kiti, neno lake limekwisha chakaa. Mwambieni mapema, na mwambieni kwa ukali kidogo.

Lipo jambo moja ambalo si la mzaha. Katika kuchagua jina kwa mwanamke mwenye umri huu, kaeni mbali na "kikongwe", "ajuza", "bibi kizee" na kila kinachofanana nayo, hata kama katika hadithi zake yeye mwenyewe anamwigiza bibi kizee wa msituni na kumwigiza vizuri. Nchi hii ina historia ya wanawake wazee kutuhumiwa uchawi na wengine kuuawa, hasa Kanda ya Ziwa ingawa tuhuma zenyewe hazina mkoa, na mara nyingi kilichowaponza ni macho mekundu waliyoyapata kwa miaka mingi ya moshi wa kuni. Jina la mhusika wa kutisha likitoka kwenye hadithi likakaa juu ya mtu halisi, siku kijiji kikipata msiba usioeleweka litakumbukwa vibaya. "Ongeza Kuni" kwa bahati nzuri liko upande wa jiko, chakula na watu kuota moto. Ila mchoraji wa bango asije akamchora katikati ya moshi na macho makali "ili livutie". Mchoreni ameketi, kijinga mkononi, watoto wamemzunguka.

Hata "mkongwe", ambalo magazeti hulitumia kwa heshima kwa wanamuziki wa zamani, ningeliacha. Kwenye gazeti lina heshima, kwenye kijiwe cha kahawa linabaki kuwa neno la kitu kilichochakaa.

Kuhusu yale maneno ya chini ya jina, nimechagua "mtambaji wa hadithi" badala ya "msimulizi" kwa sababu msimulizi ni yeyote anayeeleza lililotokea, hata shahidi wa ajali. Kutamba hadithi ni kuitoa kwa mwili na sauti mbele ya watu, na wanafunzi wa sekondari hapo kwenu wanalijua neno hilo kutoka kwenye masomo ya fasihi simulizi. Lina hatari moja: peke yake, "mtambaji" huweza kusikika kama mtu wa majigambo, maana timu ikishinda magazeti husema imetamba. Kwa hiyo lisiandikwe bila "wa hadithi". Fanani, ambalo walimu wengine watalipendekeza, ni sahihi darasani na halimwambii chochote mtu aliyekuja sokoni. Manju na malenga yana wenyewe, manju kwenye ngoma na malenga kwenye ushairi. Bibi hahitaji kuazima.

Kabla ya kulipeleka kwa mchoraji, lijaribuni jina lenyewe, na jaribio lifanywe mdomoni. Mtumeni mtoto asimame ng'ambo ya bonde aliite kwa sauti. Majina yenye vokali pana husafiri, na "Ongeza Kuni" linasafiri vizuri. Halafu msikilizeni mtu wa rika lake. Wanawake wenzake wa miaka 70 na kitu si wajukuu zake, hawatamwita Bibi, na hiyo ni sawa. Kinachotakiwa ni kwamba walitamke mbele yake bila kupunguza sauti. Wakisita, kuna kitu wanachokijua ambacho kamati haikijui. Pengine kuni zina kisa chake, kesi ya zamani ya shamba la miti au ndoa iliyovunjika kwa ajili ya uvivu wa jikoni. Ulizeni.

Jaribio gumu zaidi ni la mkwe. Kama ana mkwe wa kiume hapo kijijini, huyo hawezi kusimama ukumbini akamwita mama mkwe wake Ongeza Kuni, na msimtegemee afanye hivyo hata kama ndiye mwenyekiti wa kamati. Uzuri wa jina hili ni kwamba linakatika. Anayeweza utani atalitaja lote. Asiyeweza atasema "Mama" au atataja jina lake la kawaida, na hakuna kitakachoharibika, kwa sababu jina kamili limeandikwa palepale chini. Ndiyo maana nasisitiza lisiachwe.

Ridhaa yake itafutwe na mtu sahihi. Mmeandika kwamba vijana wanapendekeza majina. Kitu ambacho hamjasema ni kama kuna aliyemuuliza. Msiende kama kamati, wajumbe sita na daftari, maana mbele ya kamati mtu wa umri wake atakubali chochote kwa adabu. Atumwe mjukuu wake mmoja, mkubwa kidogo, wa wale anaotaniana nao, aende jioni amtanie: "Bibi, nasikia unaitwa Ongeza Kuni siku hizi." Akijibu kwa utani mkubwa zaidi, kwa mfano akamtuma huyo mjukuu akalete hizo kuni, mmepata jibu. Akicheka kwa kuziba mdomo na kubadilisha mazungumzo, hajakubali. Hapo mwacheni, msimsukume, na mrudi kusikiliza hadithi zake usiku mwingine ili mwone hadhira humrudishia neno gani jingine. Cheo kizuri karibu kila mara kimeshatamkwa na mtu kabla kamati haijakaa.

Siku yenyewe, elezeni chanzo cha jina kwa sentensi moja, kwani wageni kutoka Njombe au Mbeya hawatakuwa wameona moto wake. Rais Samia alipopewa jina la Hangaya mkoani Mwanza, Septemba 2021, maana yake, nyota ing'aayo, ilienda pamoja na jina lenyewe, na ndiyo maana hata wasiojua Kisukuma walilipokea. Mshereheshaji wenu anaweza kusema hivi, na asiongeze: "Ndugu zangu, anayekuja ametulea kwa hadithi, na wengine aliwalea wazazi wetu kwa hadithi hizohizo. Ana desturi moja: hadithi ikifika patamu, yeye hukumbuka moto. Wajukuu wote tuliomo humu, tumpokee Bibi Ongeza Kuni." Angalieni kwamba msemo wake wenyewe haukutajwa. Ameachiwa aulete yeye.

Kama usiku huo utafanyika kwenye ukumbi wa shule wenye umeme na sakafu ya saruji, msiwashe moto ndani ili kupamba. Wekeni vijiti vitatu vikavu na figa karibu na kiti chake. Akiamua kusimama na kuongeza kuni kwenye moto usiokuwepo, atachekesha kuliko akiwa jikoni kwake, na mtambaji wa kiwango chake ataona nafasi hiyo mara moja bila kuelekezwa.

Kwenye barua kwa afisa utamaduni wa halmashauri, kwenye karatasi ya malipo na popote panapohitaji saini au dole gumba, tumieni majina yake ya kitambulisho. Cheo kikae kwenye mabano au kisikae kabisa. Siku mkitaka kurekodi hadithi zake na kuziuza, au kumsajili BASATA kama msanii, cheo kinaweza kuwa jina lake la kisanii, lakini kiwe mali yake na si ya kamati. Liandikeni hilo mapema mbele ya mtu wa familia yake, wakati bado hakuna hela iliyoingia.

Na mtambaji mwingine wa kitongoji jirani akija kudai naye cheo, kama nijuavyo atakuja, msimpe "Babu Ongeza Kuni" wala msimfanye msaidizi wa huyu. Nendeni mkamsikilize usiku mmoja au miwili, mwone yeye husimamisha hadithi kwa kitu gani.